Dizeli au petroli kwa safari fupi Kisumu

"Natoka Mamboleo kwenda mjini na kurudi, basi. Nichukue dizeli au petroli?"

Petroli. Wanaosema dizeli hainywi mafuta sana hawajakosea, ila faida hiyo utaiona ukienda Busia, si kwenye foleni ya Kondele. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na ili masizi yaungue lazima chujio lifike kama nyuzi 600, kwa kawaida mwendo wa haiwei dakika 15 hivi. Wewe utakuwa umeshazima gari. Uchomaji ukikatizwa kila mara, dizeli huteremka kwenye oili: chomoa dipstiki, ukikuta oili imepanda na inanuka dizeli, shida imeanza. Pikapu ya zamani isiyo na chujio? Hiyo ni hesabu nyingine.