Unanusa moshi na hakuna kinachoungua: saa na vidole viwili vitakuambia mengi

Unakaa sebuleni, unasikia harufu ya plastiki inayoungua. Unaenda jikoni, jiko limezimwa. Unamuuliza mwenzio, anasema hasikii kitu. Kabla ya kuanza kuwaza magonjwa, maliza kwanza suala la nyumba, kwa sababu nyaya za umeme zinazoanza kuyeyuka hutoa harufu muda mrefu kabla ya moshi kuonekana, na mara nyingi harufu hiyo hufanana na samaki au plastiki ya moto.

Angalia soketi zenye rangi ya kahawia pembeni, plagi inayopata joto, na ekstensheni iliyobebeshwa friji, pasi na birika kwa pamoja. Ukiona dalili hizo, zima swichi kuu na uite fundi. Halafu mwite mtu aliyekuwa nje aingie na kunusa, si yule mliyekaa naye chumbani, maana pua ya mtu aliyekaa na harufu kwa muda huizoea ikaacha kuisikia. Mwisho, toka nje kama dakika kumi, ukiwa umebadilisha nguo na kujifunga kitambaa kichwani ikiwa ulipika kwa kuni au mkaa, kwa kuwa moshi hukaa kwenye nywele na kanga. Harufu ikikufuata mpaka kwenye hewa safi, haitoki nyumbani.

Tahadhari moja hapo: gesi ya sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa lililowashwa chumba kilichofungwa haina harufu kabisa. Kwa hiyo kutosikia kitu si uthibitisho wa usalama. Kama watu wawili au watatu ndani ya nyumba wanaumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Sasa tuchukulie nyumba iko salama. Kunusa kisichokuwepo kuna jina la kitabibu, fantosmia, na si jambo la ajabu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikuta kwamba katika kila watu 15 hivi wenye miaka 40 kwenda juu, mmoja amewahi kusikia harufu ya aina hii. Karibu kila mara huwa harufu mbaya: moshi, kitu kilichoungua, kemikali, uozo. Isichanganywe na hali nyingine iliyowapata wengi baada ya Uviko-19, ambapo kahawa au kitunguu kilichopo kweli kinanuka kama kimeungua. Hiyo ni harufu iliyopotoshwa. Yetu haina chanzo kabisa.

Swali linalobaki ni kama inaanzia puani au kwenye ubongo. Hapa unaweza kumsaidia daktari kuliko unavyodhani, kwa mambo mawili. Harufu ikija, ziba tundu moja la pua kwa kidole, vuta hewa taratibu, kisha ziba la pili, kisha yote mawili huku ukihema kwa mdomo. Ikipotea ukiziba upande mmoja, kuna uwezekano mkubwa tatizo liko ndani ya pua upande huo. Ikiendelea vilevile hata pande zote zikiwa zimezibwa, shaka inahamia kwenye ubongo. Jaribio hili si hukumu, ila linaelekeza. Jambo la pili ni saa. Tazama harufu imeanza lini na imeisha lini, kwa sekunde ikibidi, uandike hapohapo kwenye simu.

Harufu inayodumu masaa au siku nzima, inayozidi ukiwa na mafua, inayoambatana na pua kuziba, uzito usoni au makohozi yanayoshuka kooni, kwa kawaida ni ya pua. Chembe za kunusia zimetandazwa kwenye dari la pua, na nyuzi zake hupenya kwenye vitundu vidogo vya mfupa kuingia ubongoni. Mafua makali huziunguza, na zinapoota upya huweza kutuma ishara za ovyo kwa wiki au miezi. Ajali ya kichwa, hata ile ya bodaboda ambayo mtu aliinuka akaenda zake, huweza kukata nyuzi hizo. Sainasi za muda mrefu na vinyama vya puani vinafanya hivyohivyo kwa kuziba na kuwasha. Na usisahau meno: mizizi ya magego ya juu iko jirani na mashimo ya hewa ya shavuni, hivyo jino lililooza hutoa harufu mbaya ya upande mmoja ambayo dawa za mafua haziigusi. Mwenye harufu hiyo anahitaji daktari wa meno.

Kwa harufu za namna hii, kuosha pua kwa maji ya chumvi husaidia wengi na ni rahisi. Changanya vijiko vitatu vya chai vya chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea, yaani soda ya unga, uhifadhi kwenye chombo kikavu. Kila unapoosha, chukua kijiko kimoja cha chai cha mchanganyiko huo ukiweke kwenye maji vuguvugu ya kama mililita 240. Chumvi ya kawaida ya dukani ina madini joto na huenda ikawasha kidogo. Ukipata isiyo na madini hayo ni bora zaidi. Maji lazima yawe yamechemka na kutokota dakika moja kamili, au tatu kama unaishi nyanda za juu sana, kisha yakapoa. Maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa hayaingii puani, kwa sababu yanaweza kubeba vijidudu adimu lakini vya hatari vinavyopanda hadi kwenye ubongo. Yakiwa machungu na kuchoma, mara nyingi chumvi imezidi au imepungua. Inamia sinki, geuza kichwa pembeni, mimina tundu la juu, hema kwa mdomo.

Ya kuepuka ni dawa za matone zinazozibua pua papo kwa papo zikitumika kupita siku tatu hadi tano, kwani pua huziba zaidi ukiziacha. Ugoro, mafuta ya taa na spiriti havitibu chochote hapa. Vinaunguza chembe zilezile unazotaka zipone.

Twende kwenye upande unaotusumbua zaidi, kwa sababu ndio unaochelewa kufika hospitali. Kuna harufu inayokuja ghafla, inafanana kila mara, mfano mpira unaoungua, inakaa sekunde chache hadi dakika mbili, inaondoka. Mara nyingine inatanguliwa na kitu kinachopanda kutoka tumboni kuelekea kifuani, au hofu isiyo na sababu, au kuhisi kwamba tukio hili lilishatokea zamani. Walio karibu wanaona mtu anakodoa macho, anatafunatafuna bila chakula, anachezea kifungo cha shati, na ukimwita haitiki. Baadaye anazubaa na hakumbuki. Hicho ni kifafa, hata kama hakuanguka wala kutoa povu. Kinatoka sehemu ya ubongo iliyo ubavuni mwa kichwa, usawa wa sikio, ambako harufu, hofu na kumbukumbu hukaa jirani. Kwenye pwani yetu mtu kama huyu huambiwa ana jini linalotaka kufukizwa, na miezi inakwenda kwenye ubani.

Mfano unaojulikana ni wa mtunzi wa muziki wa Marekani, George Gershwin. Februari 1937 akiwa jukwaani Los Angeles akipiga piano, akili ilimpotea kidogo akaruka sehemu ya muziki wake mwenyewe, kisha akaendelea. Alikuwa akilalamika kunusa mpira unaoungua. Baadaye yakaja maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Alichunguzwa mwezi Juni, tatizo likaonekana kuwa la kisaikolojia. Tarehe 9 Julai alipoteza fahamu, akafanyiwa upasuaji, na akafariki tarehe 11 akiwa na miaka 38. Alikuwa na uvimbe kwenye ubongo, upande wa kulia, sehemu hiyohiyo ya usawa wa sikio. Wakati ule picha za ubongo za CT na MRI hazikuwepo. Wengi wenye dalili hii leo hawana uvimbe, lakini mpangilio wake, yaani harufu fupi inayojirudia, kupotea kidogo, kisha kichwa kinachouma kwa kuzidi, ndio unaotakiwa kumfikisha mtu kwenye picha mapema.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kifafa kinachoanza ukubwani: mabuu ya tegu wa nguruwe kukaa kwenye ubongo. Watu huamini ni ugonjwa wa wanaokula nguruwe tu, na si hivyo. Aliyekula nyama yenye mabuu isiyoiva anapata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huo yakitoka kwenye choo chake na kufika kwenye mikono, mboga au maji ya mtu mwingine, huyo wa pili anaweza kupata mabuu ubongoni, hata kama hajawahi kuonja nguruwe. Usijitibu kwa kumeza dawa ya minyoo kwa wingi. Mabuu yakifa kwa pamoja ubongo unaweza kuvimba, ndiyo maana matibabu huanza baada ya picha na huenda pamoja na dawa za kupunguza uvimbe.

Katikati ya makundi haya kuna kipandauso. Harufu yake huchukua dakika tano hadi saa moja, kisha kichwa kinaanza kugonga upande mmoja na mwanga unaudhi. Ikiwa unakijua kipandauso chako tangu zamani, hii haishangazi. Ikiwa imeanza sasa, ikaguliwe.

Nenda hospitali sasa hivi, usiku huohuo, ikiwa harufu imekuja pamoja na mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kuvurugika, kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au degedege linalopita dakika tano. Hali kadhalika ikianza baada ya kugonga kichwa, hasa kama majimaji mepesi yanatoka puani. Harufu fupi zinazojirudia bila hayo, nenda ndani ya siku chache, na mpaka uonwe usiendeshe gari wala pikipiki, usipande ngazi, usiogelee peke yako. Harufu ya muda mrefu iliyovuka wiki mbili, au pua inayoziba na kutoa damu upande mmoja tu, muone daktari wa masikio, pua na koo.

Ukifika, toa zile kumbukumbu za simu: tarehe, muda, tundu lipi, nini kilifuata, dawa unazotumia. Mtu wa nyumbani akiweza kurekodi video ya tukio, ina thamani kubwa. Daktari wa pua ataingiza kamera nyembamba. Wa mishipa ya fahamu ataomba picha na kipimo cha umeme wa ubongo. Kipimo hicho cha mwisho kwa kawaida huchukua nusu saa hivi, na kifafa hakipangi miadi, kwa hiyo majibu yakirudi safi huku matukio yakiendelea, mwambie daktari hivyohivyo na uulize kama kirudiwe ukiwa hujalala vya kutosha.