Nguzo zilezile, kazi tofauti

"Kama hospitali nayo ina nguzo zote sita, afya ya msingi inatofautiana wapi?"

Nguzo hizo za mfumo wa afya ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitaja 2007, yaani utoaji huduma, wahudumu, taarifa, dawa na vifaa, fedha na uongozi, hazibadiliki. Kazi yake ndiyo hubadilika. Chukua shinikizo la damu. Hospitali humpokea mtu akishapooza, humtibu, kisha hufunga faili. Kituo cha msingi kinamhesabu hata asiyefika: daftari linaonyesha nani hakuchukua dawa mwezi huu, na mhudumu wa jamii anamfuata nyumbani.

Anayesema kituo cha msingi ni "hospitali ndogo" tu amepatia nusu, maana vituo visivyofuatilia watu wake vipo tele. Na dawa zikiisha stoo, hata daftari zuri halisaidii. Wagonjwa watakiruka kituo waende rufaa moja kwa moja.