Raki yenye umeme wa pande mbili

"Wakuu, nikichagua af-south-1 ya AWS, wingu la Amazon, seva yangu inakaa jengo moja huko Cape Town? Umeme ukikatika je?"

Si jengo moja, mkuu. Kuna kanda tatu zilizotengana, kila moja na umeme na mitambo yake ya kupoza. Zimeunganishwa kwa faiba zaidi ya moja, maana jembe la mchimba mtaro halibishi hodi.

Kwenye umeme ndiko kuna utamu. Kwa kawaida raki, yaani kabati la seva, hulishwa na njia mbili za umeme, A na B, na seva huwa na pawasaplai mbili. Gridi ikikatika, betri hubeba mzigo kwa dakika chache hadi jenereta zishike.

Mtego uko hapa. Raki inakula kilowati 6, kila njia inabeba 3. A ikifa, B inabebeshwa zote 6 papo hapo. Kama breka ya B inahimili 5 tu, nayo inaruka na raki nzima inazima. Yalitukuta hapa Mbeya kwenye chumba kidogo cha seva: mita zilisoma asilimia 60 ya uwezo wa breka kila upande, tukajiona salama! Tangu siku hiyo hatuvuki 40.

Baridi yetu inasaidia kupoza, ila kwenye mwinuko wa mita kama 1,700 hewa ni nyepesi, hivyo feni ileile huondoa joto pungufu kuliko ingekuwa Dar.

Kwa hiyo seva yako moja iko kanda moja tu. Ya pili iweke kanda nyingine.