Tangazo la kupunguza wafanyakazi

> "Bosi kanipa sentensi ya kufungulia: 'Kampuni inapitia mageuzi ya kimuundo ili kuongeza ufanisi.' Niiandikeje kibinadamu?"

Anza na habari yenyewe kwa sauti ya bosi, ndugu, kwa mfano: "Tunawaachisha kazi watu 40 kati ya 210. Mauzo yameshuka, na niliajiri kuliko uwezo wetu. Uamuzi ni wangu." Bosi atataka "nafasi zimeondolewa", mkatalie, maana hapo aliyeamua hayupo.

Kisha yale ambayo macho ya msomaji yanayakimbilia: "Kila anayeondoka ataitwa na meneja wake leo kabla ya saa sita mchana." Taja siku ya kulipwa kiinua mgongo na tarehe bima inapokoma. "Sisi ni familia" ifute kabisa. Wala usiahidi kuwa hakuna awamu nyingine, labda bosi awe tayari kutia saini.