HBsAg imetoka chanya na mtu haumwi: usidanganywe na HBeAg hasi

Ninyi mnaoanza kazi kliniki mtakutana sana na mgonjwa wa namna hii: alikwenda kuchangia damu, akaambiwa ana homa ya ini aina ya B, na yeye hajawahi kuugua chochote. Anakukabidhi karatasi, anakutazama usoni. Nitawasimulia kisa kimoja nilichokisoma vibaya, maana kosa hilohilo bado naliona kwa wengine.

Alikuwa mwanamume wa miaka 36. HBsAg chanya. Kabla ya yote nilimuuliza kama alichanjwa hivi karibuni, kwa sababu kwa wiki mbili tatu baada ya chanjo kipimo kinaweza kuiona antijeni ya chanjo yenyewe. Hakuwa amechanjwa. Swali lililofuata lilikuwa: maambukizi ni mapya au ya zamani? Anti-HBc ya jumla ilikuwa chanya, IgM yake hasi, na hiyo huelekeza kwenye maambukizi ya zamani. Uthibitisho kamili ni HBsAg kubaki chanya zaidi ya miezi 6, na kwake ilibaki.

Hadi hapo nilikuwa sawa. HBeAg ilikuwa hasi, anti-HBe chanya, ALT 27. Nikamwambia virusi vimelala, arudi baada ya mwaka. Hapo ndipo nilipokosea.

HBeAg ni protini ambayo kirusi huitoa kwenye damu kinapozaliana. Zamani tulifundishwa kwamba ikitoweka na anti-HBe ikatokea, kirusi kimetulia. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna virusi vilivyobadilika kwenye kipande cha vinasaba kinachoagiza protini hiyo: vinaacha kuitengeneza, au vinaitengeneza kidogo, huku vikiendelea kuzaliana. Karatasi ya mgonjwa mwenye virusi hivyo na ya yule ambaye kirusi chake kimetulia kweli zinafanana neno kwa neno. Kinachowatenganisha ni wingi wa virusi, yaani HBV DNA, na ALT iliyopimwa zaidi ya mara moja.

Aliporudi, DNA ilikuwa 38,000 IU kwa mililita. Aliyetulia kwa kawaida huwa chini ya 2,000. ALT ilikuwa 33, na maabara haikuweka alama yoyote kwa kuwa kikomo chao kilikuwa 40. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unaweka kikomo cha 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke, kwa hiyo someni namba yenyewe, msisubiri nyota ya maabara. Miezi 3 baadaye ALT ikapanda hadi 74. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: ALT hupanda, hushuka, hupanda tena, na ukiipima siku imeshuka utamwambia mtu habari njema isiyo ya kweli. Ndiyo maana mwaka wa kwanza tunaipima kila baada ya miezi 3 au 4.

Ilibaki kujua kama ini lilikuwa limeanza kupata makovu. Ultrasaundi yake ilikuwa safi, lakini ultrasaundi haioni makovu ya mwanzo. Tulitumia APRI: AST gawanya kwa kikomo cha juu cha maabara, gawanya kwa idadi ya chembe sahani, zidisha kwa 100. AST yake ilikuwa 52, kikomo 40, chembe sahani 190.

```
(52 / 40) / 190 x 100 = 0.68
```

Kwa mwongozo huohuo, zaidi ya 0.5 kwa mtu mzima huashiria makovu ya kutosha kuanza dawa. APRI hupanda pia AST inapopanda kwa sababu nyingine, kwa mfano pombe, hivyo nilimuuliza. Hakuwa mnywaji. Hata bila APRI, DNA zaidi ya 2,000 pamoja na ALT iliyovuka kikomo zilitosha.

Tulimpima VVU kwanza, maana tenofovia peke yake kwa mwenye VVU humfundisha kirusi cha VVU usugu. Ilikuwa hasi. Tukapima figo, akaanza tenofovia. Nilimweleza kwamba dawa inakandamiza kirusi, mara chache sana inakiondoa, na kwamba akiacha ghafla bila kutuambia ini linaweza kuwaka upya kwa ukali.

Mkewe alipimwa wiki hiyohiyo. HBsAg hasi, anti-HBc hasi, anti-HBs hasi: hajawahi kuambukizwa, na hana kinga. Alichanjwa dozi 3, na mwezi mmoja baada ya ya mwisho anti-HBs yake ilikuwa imevuka 10 mIU kwa mililita, ambacho ndicho kiwango cha kinga.