Spika mbili jina moja, ipi yako? (na suala la kuacha Bluetooth ionekane)

"Wakuu nimepata spika ndogo ya Bluetooth, nikisearch kwenye simu zinakuja mbili zenye jina lilelile, nabonyeza ipi? Na kuna ubaya gani simu ikionekana na watu muda wote?"

Usibonyeze yoyote kwanza mkuu. Mimi nilibonyeza ya juu nikijua ndo yangu, zote mbili zimeandikwa BT-SPEAKER, ikakonekti palepale bila kuuliza namba wala nini. Nikaweka mziki, spika yangu kimya, nikadhani chaji imeisha kumbe mziki unapiga kwa jirani ukuta wa pili. Kabla sijashtuka ikaingia simu, nikasikia kupitia ukutani kile kisauti cha mashine kinaisoma namba ya anayenipigia moja moja, halafu jirani kabonyeza kitufe kazima kelele, kumbe ndo kapokea. Aliyenipigia anasikia "haloo, haloo" ya mtu asiyemjua, na mimi simu iko mkononi mwangu.

Kilichoniuma zaidi kilikuja usiku. Sikuifuta kwenye listi, nilidiskonekti tu, basi jirani alipoiwasha tena spika yake ikaivuta simu yangu yenyewe maana simu inakumbuka kila ilichooanishwa nacho. Akabonyeza kile kitufe mara mbili, na spika nyingi mara mbili maana yake piga namba ya mwisho, simu yangu ikampigia bosi saa tano usiku. Jirani hata hakujua, na mimi niligundua kwa kuona skrini inawaka.

Sasa kwa nini simu haikustuka? Kwa sababu spika haina skrini. Simu na laptopu zikioanishwa zinaonyesha namba sita pande zote mbili unalinganisha, ila spika haina pa kuionyesha kwa hiyo simu inakubali tu. Na lile jina ni maandishi matupu, spika za aina moja zinatoka kiwandani na jina moja na mtu akitaka anaweza kuipa yake jina lolote. Kinachozitofautisha ni anwani yenye herufi na tarakimu 12, ambayo kwenye listi kwa kawaida huioni.

Kwa hiyo tumia njia ya kizamani. Zima spika yako kabisa, toka kwenye ukurasa wa Bluetooth, subiri kama nusu dakika maana listi huwa inabaki na majina ya zamani, rudi utafute upya. Jina lililobaki ni la mtu mwingine. Halafu washa yako, jina la pili likitokea ndo hilo. Kama hayo mawili yamejichanganya tena hujui lipi limeongezeka, hamia mbali na hapo, mita kama ishirini na kuta mbili tatu zinatosha kwa spika ndogo, uoanishe huko mara moja, ukirudi itakonekti yenyewe. Ukiona imeandika imekonekti na spika yako bado inawaka taa ya kupepesa, hiyo siyo yako, bonyeza "Forget" hapohapo, usidiskonekti tu kama mimi.

Na ikikuuliza kuruhusu kontakti na historia ya simu, usitiki. Spika haihitaji kitabu chako cha namba, hata hedfoni haihitaji. Redio ya gari ndo inaomba, na ikishavuta kopi ya kontakti zako zinaweza kubaki kwenye gari hata ukishashuka, kwa hiyo kama gari siyo lako ufute na upande wa gari. Kwa spika ya mziki tu mimi huingia kwenye setingi zake nazima "Phone calls" nabakiza "Media audio", kile kitufe hakina tena cha kufanya na simu zangu.

Kuhusu kuonekana: simu za sasa nyingi zinaonekana pale tu umefungua ukurasa wa Bluetooth, kwa hiyo usiuache wazi. Kinachotoka ni ile anwani, jina la simu na aina ya kifaa, na watu wengi jina la simu ni jina lao kamili, aliyekaa nyuma yako anajua unaitwa nani. Libadilishe liwe neno lisilo na maana. Laptopu ndo zinasahaulika, kwenye Linux angalia hivi:

```
bluetoothctl show
bluetoothctl discoverable off
```

Ukikuta `Discoverable: yes` na hukuwa unaoanisha kitu, ndo hiyo. Ukizima huko kuonekana, hedfoni zako za zamani zitaendelea kukonekti kama kawaida, kwa sababu zenyewe anwani yako zinayo tayari. Ndo maana pia kujificha hakumzuii mtu ambaye anwani yako anayo, kama hutumii Bluetooth izime kabisa.