Usijaze pengo la data ya matangazo, livute upya

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina skripti inayovuta data ya matangazo ya Google na Meta kila alfajiri saa 11. Inachukua ya jana na kuiongeza kwenye jedwali. Mwezi uliopita siku tatu hazikuingia. Mwenzangu kazini anasema niweke sifuri, mwingine anasema niweke wastani wa siku saba ili mchoro usikatike. Halafu hata nikiziacha hizo siku tatu kando, ununuzi kwangu ni 212, kwenye dashibodi ni 268. Nijaze kwa njia ipi?

Jibu: Usijaze kwa njia yoyote. Data ya siku hizo tatu haijapotea, bado iko kule kule ilikotakiwa kutoka. Meta inakuruhusu kurudi nyuma hadi miezi 37, na Google nayo ya mwezi uliopita inakupa bila shida. Andika tarehe tatu kwenye ombi lako, endesha skripti kwa mkono, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Kinachonichosha ni kuona watu wazima wakibishana kati ya sifuri na wastani juu ya namba ambayo mwenyewe hajaulizwa tu.

Lakini swali lako lina jambo kubwa zaidi ndani yake: ulijuaje kwamba siku hizo hazikuingia? Nadhani uliona mchoro umekatika. Kama jedwali lako lingekuwa la kampeni ndogondogo nyingi, usingeona kitu. Google, ukiomba data iliyogawanywa kwa `segments.date`, hairudishi kabisa mstari ambao vipimo vyake vyote ni sifuri. Kampeni iliyosimamishwa Jumanne haina mstari wa Jumanne, na kampeni ambayo uvutaji wake ulishindwa Jumanne nayo haina. Kwenye jedwali lako mambo hayo mawili yanafanana kabisa, ingawa la kwanza ni taarifa ya kweli na la pili ni ukosefu wa taarifa. Anayeweka sifuri kila palipo tupu ni kama mwalimu ambaye hakuja shuleni, kisha akaandika kwenye daftari la mahudhurio kwamba darasa zima halikuhudhuria.

Mara nyingi sifuri hiyo haiwekwi hata na mtu, inatoka kwenye skripti yenyewe. Naiona hii karibu kila ninapofunguliwa kazi ya mtu:

```python
try:
    mistari = vuta(akaunti, siku)
except Exception:
    mistari = []
```

Tokeni ikiisha muda, mtandao ukikatika, kikomo cha maombi kikifikiwa, yote yanageuka orodha tupu, na skripti inamaliza kwa furaha. Futa kipande hicho leo. Hitilafu ya kusubiri, kama namba 17 ya Meta inayosema umeomba mara nyingi mno, isubiriwe na kujaribiwa tena kwa vipindi vinavyorefuka. Hitilafu ya tokeni, namba 190, haina dawa ya kujaribu tena. Itume ujumbe kwa mtu na isimamishe kazi. Kwa upande wa Google ukiona `invalid_grant` kila baada ya siku saba hivi, angalia kama mradi wako wa OAuth bado uko kwenye hali ya majaribio, maana tokeni zake huishi siku saba tu.

Sasa ili utofautishe utupu na utupu, kila uvutaji uache alama. Jedwali dogo linatosha:

```sql
CREATE TABLE mivuto (
  akaunti   TEXT,
  siku      DATE,
  ulivutwa  TIMESTAMPTZ,
  hali      TEXT,  -- kamili, tupu, pungufu, imeshindwa
  mistari   INTEGER,
  ufafanuzi TEXT
);
```

Siku yenye hali ya `tupu` ndiyo pekee unayoruhusiwa kuonyesha sifuri. Siku isiyo na alama, au yenye `imeshindwa`, iachwe wazi kwenye ripoti mpaka ivutwe. Mchoro ukikatika, ukatike. Bosi akiuliza, unalo jibu.

Hiyo `pungufu` usiidharau, ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu haitoi hitilafu. Meta hutoa matokeo kwa kurasa, na usipotaja `limit`, ukurasa mmoja una mistari 25. Asiyefuata `paging.next` hupata ya kwanza na kuondoka. Ukikuta kwenye daftari lako akaunti fulani ina mistari 25 kila siku bila kupanda wala kushuka, hujavuta data, umevuta ukurasa wa kwanza. Ukaguzi wake ni rahisi: omba pia jumla ya akaunti nzima kwa siku hiyo hiyo, bila kugawa kwa kampeni, kisha linganisha matumizi na mibofyo na jumla ya mistari yako. Kwa Google ni ombi moja la `FROM customer`. Zisipolingana, hali ni `pungufu` na siku hiyo haiingii kwenye jedwali kuu. (Usilinganishe idadi ya watu waliofikiwa. Hiyo haijumlishiki, kwa kuwa mtu mmoja huona kampeni mbili.)

Tuje kwenye 212 na 268. Wewe unadhani siku iliyoingia imeingia. Haijaingia, imeanza kuingia. Tuseme mtu kabofya tangazo tarehe 4 Machi, akafikiria, akanunua tarehe 9. Google, kwenye safu ya `conversions`, huuandika ununuzi huo tarehe 4, siku ya mbofyo. Kwa hiyo tarehe 4 ikivutwa alfajiri ya tarehe 5 inaweza kuonyesha ununuzi 6. Ukiivuta tarehe 12 inaonyesha 9, na mwanzoni mwa Aprili inaonyesha 11. Namba zote tatu ni sahihi kwa siku zilipoulizwa. Skripti yako iliuliza mara moja tu, ikabaki na 6 milele, wakati dashibodi inaendelea kuhesabu. Siku thelathini za namna hiyo zinatosha kuleta tofauti unayoilalamikia bila hitilafu hata moja kwenye kumbukumbu. Na angalia inavyopotosha: siku za karibuni daima zitaonekana dhaifu kuliko za zamani, mtu atasema kampeni mpya haifanyi kazi, ataizima.

Dawa ni kuvuta tena kila siku dirisha zima, si jana peke yake. Upana wake unategemea dirisha la kuhesabia ununuzi lililowekwa kwenye akaunti. Kwa Google kawaida ni siku 30 na linaweza kufika 90. Meta inasema takwimu zake hazibadiliki tena baada ya siku 28. Kama madirisha yako ni ya kawaida, vuta siku 35 kila alfajiri na utalala. "Jana" nayo ihesabiwe kwa saa za akaunti ya matangazo, si saa za seva yako, la sivyo unaweza kuwa unavuta siku ambayo bado haijaisha.

Katika kuandika, usitumie `INSERT ... ON CONFLICT DO UPDATE` peke yake. Mstari uliokuwepo jana na leo haukurudishwa utabaki kwenye jedwali lako kama mzimu, kwa kuwa hakuna kitu kipya cha kuusasisha. Pakia kwanza kwenye jedwali la muda, kagua dhidi ya jumla ya akaunti, kisha badilisha dirisha lote kwa mkupuo:

```sql
BEGIN;
DELETE FROM matangazo
 WHERE akaunti = 'A1'
   AND siku BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-04-04';
INSERT INTO matangazo SELECT * FROM matangazo_muda;
COMMIT;
```

Mpangilio huo usiugeuze. Anayefuta kabla ya kukagua siku moja atafuta siku 35 nzuri na kuweka ukurasa mmoja wa mistari 25. Na kama unataka kujua namba ilikuwaje alipoamua mteja wako, hifadhi majibu ghafi ya kila uvutaji kwenye faili lenye tarehe. Hayachukui nafasi ya kutisha.

Hata ukifanya yote hayo, kuna siku namba itaruka na data yako ni kamili. Mwaka 2021 Meta iliacha siku 28 baada ya kubofya kama hesabu yake ya kawaida, ikaweka siku 7 baada ya kubofya na siku 1 baada ya kuona. Waliokuwa wanavuta bila kutaja dirisha waliona ununuzi ukishuka huku jina la safu likiwa lile lile. Ndiyo maana nimeweka `ufafanuzi` kwenye daftari: taja `action_attribution_windows` mwenyewe katika kila ombi, na uandike ulichotaja. Kwa Google mabadiliko mengi hutoka ndani ya akaunti. Mtu anahamisha tukio fulani kutoka la msingi kwenda la ziada, na `conversions` inabadilika maana bila kumwambia mtu. Vuta kila siku, kwa ombi tofauti, mgawanyo wa `segments.conversion_action_name`. Jina jipya likitokea au la zamani likitoweka, skripti ikuandikie. Ombi liwe tofauti kwa sababu mgawanyo huo haukubali kuchanganywa na gharama wala mibofyo.

Maana ikibadilika, fungua safu mpya yenye jina jipya, vuta vipimo vyote viwili kwa siku ambazo vyote vinapatikana, na uchore mstari wa wima kwenye ripoti. Google ilipofuta kipimo cha nafasi ya wastani ya tangazo Septemba 2019, nilikuta watu wameingiza asilimia ya kuonekana juu ya ukurasa kwenye safu ile ile, mchoro ukaruka kutoka 1.8 hadi 62, na mtaalamu wao akawapa maelezo ya kitaalamu kabisa kuhusu ushindani wa soko.

Hao wataalamu ndio walionifanya nikujibu kwa urefu huu. Siku hizi kila kona kuna anayeuza kiunganishi "kinachojaza mapengo chenyewe" na kuahidi ripoti isiyokatika. Ukimuuliza anajaza kwa nini, ni ule ule wastani wa siku saba, umepakwa rangi. Wengine huzidisha namba za zamani kwa kigawo ili zifanane na mpya, bila kuandika popote. Bajeti ya mwezi ujao inapangwa juu ya mauzo ambayo hayakutokea. Akija kwako, usibishane naye. Mwombe siku moja ya majaribio, na usiku huo ondoa ruhusa ya tokeni yake kwenye akaunti. Asubuhi fungua ripoti. Ikionyesha sifuri, au mstari laini mzuri, usimlipe.